'Amepooza' hakumwambia meneja kitu

Nilionyeshwa Tiwi barua ya binti mmoja kwa meneja wa hoteli anayofanyia kazi, huko Diani: "Mama yangu amepooza, naomba ruhusa nishughulikie matibabu." Akajibiwa asubiri mwisho wa mwezi.

Meneja simtetei, ila barua nayo ilimponza mwandishi. Kupooza ni hali. Mtu hupooza akaishi hivyo miaka. Tukio lenyewe ni kiharusi: mshipa wa damu ubongoni huziba au hupasuka, ghafla tu, na siku za kwanza ndizo za maamuzi. Neno alilochagua liliifanya dharura isomeke kama ugonjwa wa zamani.

"Nishughulikie matibabu" ndiyo nini hasa? Kulipa bili? Kununua dawa? Kumbe mama hawezi kumeza wala kusema, na daktari anamtaka mwana akubali au akatae mpira wa kulishia puani. Hilo hatumwi jirani!

Kisha ruhusa ni hisani ya mkubwa. Likizo ni haki: Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 21 kila baada ya miezi 12 ya kazi, japo tarehe huzungumzwa na mwajiri.

Mimi ningeandika: "Bwana Meneja, mama alipatwa na kiharusi jana usiku, amelazwa Msambweni. Hasemi. Daktari anasubiri uamuzi wangu kesho asubuhi. Naomba siku tatu kuanzia kesho, zikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Siku ya tatu nitakupigia simu."