Mgeni, kameo na mhusika wa mara kwa mara: harusi ya Ross kama kipimo

Mtu akiuliza nani alionekana katika sehemu fulani ya tamthilia, mara nyingi hupewa orodha ndefu ya majina yaliyochanganywa pamoja: nyota aliyepita kwa sekunde chache, mama wa mhusika mkuu, na mgeni aliyebeba nusu ya kisa. Majina yote yanaweza kuwa sahihi na jibu likabaki bovu, kwa sababu halisemi nani alikuwa nani. Sehemu nzuri ya kujifunzia utenganisho huu ni ile ya kufunga msimu wa 4 wa Friends, The One with Ross's Wedding, iliyorushwa na NBC Mei 1998. Ndani yake makundi yote matatu yapo, na mitego yote ipo.

Kwanza tuwaweke kando wale sita: Jennifer Aniston, Courteney Cox, Lisa Kudrow, Matt LeBlanc, Matthew Perry na David Schwimmer. Hao ni waigizaji wakuu, na majina yao yamo kwenye utangulizi wa kila sehemu. Kazi inaanza kwa waliobaki.

Chanzo cha mkanganyiko ni kwamba majina ya mgeni, kameo na mhusika wa mara kwa mara hayapimi kitu kimoja. Kumwita mtu mwigizaji mgeni ni kueleza nafasi yake ya kazi: hamo katika kundi la kudumu, ameajiriwa kwa sehemu hiyo. Kumwita mhusika wa mara kwa mara ni kutazama tamthilia nzima na kuona kwamba anarudi. Kameo ni suala la namna ya kutokea kwake: anapita kwa muda mfupi, na furaha ya mtazamaji inatokana na kumtambua mtu mwenyewe zaidi ya mhusika anayemwigiza. Basi ukikutana na jina, uliza maswali matatu kwa mpangilio. Je, mhusika huyu yumo katika sehemu nyingine? Je, tukimwondoa, kisa kinapungua? Je, tukio lake lingebaki na maana kama lingechezwa na mwigizaji asiyejulikana?

Tuanze na Helen Baxendale, anayeigiza bibi harusi, Emily. Tukiitazama sehemu hii peke yake, tungedhani ni mgeni aliyekuja kwa ajili ya harusi. Lakini Emily aliingia kabla ya hapo katika msimu huohuo, na ndoa yake inaendelea kuutikisa mwanzo wa msimu wa 5. Huyo ni mhusika wa mara kwa mara. Elliott Gould na Christina Pickles, wazazi wa Ross na Monica, ni vivyo hivyo: wamekuwepo tangu msimu wa 1. Hapa kuna mtego wa kwanza. Katika televisheni ya Marekani, waigizaji wa namna hii mara nyingi huandikwa katika kundi la wageni kwenye orodha ya majina ya sehemu, hata wanaporudi mwaka baada ya mwaka. Anayenakili orodha hiyo bila kutazama sehemu nyingine atawaita wageni tu, na msomaji atakosa jambo muhimu kuliko yote kuwahusu.

Upande wa pili wa harusi wapo Tom Conti na Jennifer Saunders, baba na mama wa kambo wa Emily. Wana majina, wana tabia, na wana ugomvi wao na Jack Geller, baba wa Ross, anayegundua kwamba gharama za harusi anazodaiwa zimechanganywa na za ukarabati wa nyumba yao. Ukiwaondoa, mkondo huo wa kisa unakufa. Saunders alikuwa tayari nyota mkubwa wa vichekesho Uingereza, ila umaarufu wake haumfanyi kuwa kameo, maana amepewa mhusika wa kuigiza na anaigiza. Wote wawili ni waigizaji wageni katika sehemu hii.

Kameo zilizo wazi ni mbili. Sarah Ferguson, mtalaka wa Andrew, aliyekuwa mwanamfalme, anakutana na Joey mtaani London na kukubali kuzungumza mbele ya kamera yake ya video. Anaigiza nafsi yake, kwa muda mfupi, na tukio zima linasimama juu ya utambulisho wake. Mweke mpita njia yeyote mahali pake na hakuna kinachobaki. Richard Branson, mwanzilishi wa Virgin, yeye haigizi nafsi yake. Ni mchuuzi anayemuuzia Joey kofia yenye bendera ya Uingereza. Wapo wanaoshikilia kwamba kameo lazima mtu aigize nafsi yake, na Branson anaonyesha kwa nini kigezo hicho hakitoshi. Mchuuzi huyo hana jina wala historia, na mtazamaji anacheka kwa kumtambua tajiri nyuma ya meza ya kofia.

Anayewapotosha wengi ni Hugh Laurie. Ni abiria aliyeketi karibu na Rachel ndani ya ndege, wakati Rachel anakimbilia London kumwambia Ross kwamba anampenda. Mtazamaji wa leo anayemjua kutokana na House humwona akashtuka kwa furaha, na haraka husema ni kameo. Lakini House ilianza mwaka 2004. Mwaka 1998 Laurie alijulikana sana Uingereza, ila si kwa hadhira pana ya Marekani ambayo tamthilia hii iliandikiwa. Abiria huyo pia ana kazi katika kisa: ndiye anayemweleza Rachel bila kumwonea haya kwamba anachokwenda kufanya ni ubaya, na kwamba katika ule mgogoro wake wa zamani na Ross, Ross ndiye mwenye haki. Maneno hayo yangefanya kazi yakisemwa na mwigizaji yeyote mwenye uwezo. Laurie ni mwigizaji mgeni katika nafasi ndogo. Umaarufu upimwe kwa siku ya kurushwa, si kwa siku ya kutazama.

Tuzo nazo zisitumike kama kipimo. Mwaka 2000 Bruce Willis alishinda Emmy ya mwigizaji mgeni katika vichekesho kwa kuigiza Paul, mpenzi wa Rachel, ambaye alionekana katika sehemu tatu mfululizo. Tom Selleck aliteuliwa mwaka huohuo katika kundi hilohilo kwa Richard, aliyekuwa akirudi tangu msimu wa 2. Baadaye, mwaka 2015, waandaaji wa Emmy waliweka mpaka kwamba mgeni awe ameonekana katika chini ya nusu ya sehemu za msimu. Huo ni mpaka wa ushindani. Chini yake wamo waliokuja mara moja na wanaorudi kila mwaka.

Uangalifu wa mwisho ni juu ya sauti. Katika The One with Unagi, Janice, mpenzi wa zamani wa Chandler, anasikika kwenye kaseti ambayo Chandler amempa Monica, bila Maggie Wheeler kuonekana. Ufupi huo haumgeuzi kuwa kameo, kwa kuwa Janice ni mhusika wa mara kwa mara popote anapotokea, lakini anayeuliza nani alionekana anastahili kuambiwa kwamba alisikika tu.

Kwa hiyo jibu la haki kuhusu sehemu ya harusi ni hili: mbali na wale sita, Baxendale, Gould na Pickles wanarudi katika nafasi zao za mara kwa mara; Conti, Saunders na Laurie ni miongoni mwa waigizaji wageni; Ferguson na Branson wanapita kama kameo, mmoja kwa jina lake na mwingine kama mchuuzi.