Ua wa Kayaba: igizo la mpaka linavyofundisha kusikiliza

Mtaa wa Umoja ulianza kujengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1970, kwa mkopo uliodhaminiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID. Zilikuwa nyumba za chini, zenye ploti ndogo na majirani waliosikiana wakikohoa. Leo sehemu kubwa ya nyumba hizo zimebomolewa zikapisha gorofa. Wakati nyumba ni za chini, hakuna anayehangaika kujua mpaka unapita wapi hasa: ua upo, kila mtu anafagia upande wake. Siku fundi anapochimba msingi, kila sentimita inakuwa pesa.

Igizo ninalolichambua hapa nililiandika kwa ajili ya vikao vya mafunzo ya wakazi wanaoombwa mara kwa mara kusuluhisha: wazee wa mtaa, viongozi wa nyumba kumi, viongozi wa vyama vya akina mama. Wahusika wote ni wa kubuni. Mbinu si yangu. Ni igizo shirikishi la aina iliyokuzwa na Mbrazili Augusto Boal alipokuwa Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970: kisa kinachezwa hadi kinaharibika, kisha kinaanza upya, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusema "Simama!", kuingia mahali pa mhusika na kujaribu njia nyingine. Hapa Nairobi kikundi cha Amani People's Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1994, kimetumia sanaa ya namna hii katika kazi ya amani, kwa hiyo wakazi wengi wa Eastlands hawashangai wakiitwa jukwaani.

Kisa chenyewe kinachukua dakika kama kumi na mbili. Mama Baraka ameishi Umoja tangu nyumba zikiwa mpya. Baba Neema amenunua ploti ya jirani, amebomoa nyumba ya zamani na anataka kujenga gorofa nne. Jumamosi asubuhi vibarua wake wanang'oa ua wa kayaba na kuanza kuchimba. Mama Baraka anadai msingi umeingia kwake sentimita 60 kwa urefu wa mita 12. Bikoni ya kona haionekani.

Majina hayo mawili yalichaguliwa kwa makusudi. Nairobi jina la ukoo linatangaza kabila kabla mtu hajafungua mdomo, na mtazamaji akishajua kabila ameshachagua upande. Nikiwapa wahusika majina ya kuwatambulisha hivyo, kikao kizima kitazungumzia jambo ambalo igizo halikuliuliza. Kuitana kwa majina ya watoto ndivyo majirani wanavyoitana hata hivyo, kwa hiyo hakuna anayehisi kwamba kuna kitu kimefichwa.

Kwa vifaa, igizo linahitaji viti vitatu vya plastiki, futi ya fundi na kamba ndefu ya katani inayolazwa chini kuwa mpaka. Kamba ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kila mhusika anayedai jambo anaisogeza kwa mguu, na watazamaji wanaona mpaka ukienda na kurudi bila mtu yeyote kuonyesha ushahidi.

Msuluhishi wa mzunguko wa kwanza ni mzee mwenye heshima na nia njema. Anafika na futi mkononi. Anamuuliza Mama Baraka aliingia lini, anamuuliza Baba Neema alinunua kwa nani, anapima, kisha anatoa uamuzi: sentimita 60 zigawanywe, kila mmoja achukue 30, mpeane mikono. Wanapeana. Watazamaji kwa kawaida wanapiga makofi hapo. Onyesho linalofuata ni usiku: vibarua wanamwaga zege haraka kwenye mtaro uleule wa mwanzo, na Mama Baraka anasimama mlangoni akipiga simu.

Nililiweka kosa hili la kugawa nusu kwa sababu linafanana sana na haki. Mzee hakupendelea mtu, hakufoka, hakuomba chai. Lakini amegawanya kitu ambacho hakuna aliyejua ni cha nani. Ikiwa mpaka wa ramani unapita alipochimba Baba Neema, amenyang'anywa sentimita 30 alizozinunua. Ikiwa unapita kwenye ua, Mama Baraka ndiye aliyenyang'anywa. Zaidi ya hapo, mzee hakupata kujua kwa nini kila mmoja anashikilia alichoshikilia, kwa hiyo kupeana mikono hakukubadili chochote ndani ya mtu yeyote.

Hapa kuna siri ya utunzi ambayo mtazamaji haambiwi. Kila mwigizaji wa pande hizo mbili amepewa jambo asilolisema mpaka aulizwe kwa namna inayolifungulia njia. La Mama Baraka ni kwamba ua ule ulipandwa na marehemu mumewe, na kwamba ukuta wa gorofa nne utaziba dirisha la jikoni na la chumba anachopangisha, ambacho kodi yake ndiyo inayomlisha. La Baba Neema ni kwamba siku ya kununua, aliyemuuzia alimwonyesha jiwe akamwambia ndiyo bikoni, na sasa anaanza kuogopa kwamba alidanganywa. Anajenga kwa mkopo wa sacco. Anapaza sauti kwa sababu hawezi kusema mbele ya mtaa kwamba huenda alitapeliwa.

Swali la "Ulinunua kwa nani?" halifungui jambo hilo, linampa mtu nafasi ya kujitetea tu. Swali la "Hebu tueleze siku uliyokuja kuiona ploti ilikuwaje" linalifungua, kwa sababu mtu anayesimulia hukutana na jiwe lile njiani. Waigizaji wanafanya mazoezi ya tofauti hiyo kuliko kitu kingine chochote. Kanuni yao ni moja: usilainike kwa sababu umeombwa kwa upole, lainika pale tu jambo lako lililofichika linapoguswa. Mwigizaji anayelainika mapema anawafundisha watu kwamba tabasamu linatosha, na siku watakapokutana na jirani halisi mwenye mkopo watashindwa.

Katika mzunguko wa pili mahali pa mzee anaingia Mama Sifa, jirani aliyekubaliwa na pande zote mbili. Sikumweka chifu, ingawa ndiye anayekimbiliwa na wengi, kwa kuwa chifu akiketi watu husubiri amri. Mama Sifa anaacha futi nje. Anaketi kwenye kiti cha kimo kilekile na vyao, viti vikielekeana kwa pembe tatu, kisha anasema kila mmoja atazungumza hadi amalize na mwenzake hatajibu kwanza. Baada ya kila mmoja, anarudia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe na kuuliza kama ndivyo. Mama Baraka anamkatalia mara ya kwanza: "Sikusema nataka ardhi, mama. Nimesema aling'oa bila kubisha hodi." Mama Sifa anarudia tena, mara hii akianza na hodi. Ndipo Mama Baraka anaketi sawasawa na kumtaja mumewe.

Kule kukosea na kurekebishwa kumeandikwa kwenye mchezo. Kusikiliza hakuonekani jukwaani. Mtu aliyenyamaza anaweza kuwa anawaza nauli. Kinachoonekana ni masahihisho: msikilizaji amepata jambo vibaya, amekubali kuambiwa, amelirudia likawa sahihi.

Watazamaji wakianza kusema "Simama!", makosa mawili hujitokeza. La kwanza ni mahubiri: mtu anaingia na kuwaambia majirani wapendane. Waigizaji wanamsikiliza kwa heshima na hawasogei hata kidogo, mpaka mwenyewe anaona maneno yameisha na kamba iko palepale. La pili ni lile Boal aliloliita uchawi, yaani suluhisho linaloshuka kutoka angani: Baba Neema anaamua ghafla kuuza ploti, au bikoni inafukuliwa papo hapo. Mwezeshaji hasemi kwamba ni kosa. Anawageukia waliokaa na kuuliza, "Hili linawezekana hapa Umoja?" Wao ndio wanaolikataa.

Swali gumu huja kutoka kwa anayejua sheria, na ni lazima mwezeshaji awe tayari. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 159, inazitaka mahakama zikuze usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hadi mpaka huo uwe umebainishwa kwa utaratibu wa sheria hiyo, na kazi hiyo ni ya msajili wa ardhi. Mpaka uliopimwa na kuwekewa bikoni hurudishwa na mpima ardhi mwenye leseni kwa kutumia ramani ya upimaji. Kwa hiyo Mama Sifa, hata akisikiliza kwa ustadi gani, hawezi kusogeza mpaka. Mzee wa mzunguko wa kwanza alijipa mamlaka ambayo hakuna jirani aliye nayo.

Igizo linasema hivyo wazi, na ndipo kazi ya Mama Sifa inapopata umbo. Anawauliza majirani mambo wanayoweza kuyaamua wenyewe: kuchimba upande huo kusimame hadi lini, mpima ardhi achaguliwe na nani na alipwe na nani, nani awepo siku ya kupima, maji ya paa yaelekezwe wapi, madirisha ya Mama Baraka yatapata mwanga vipi. Baba Neema anapendekeza vibarua waendelee upande wa mbali ili mkopo usile siku za bure. Wanakubaliana kulipa mpima nusu kwa nusu. Kugawa nusu kunarudi hapa mahali panapofaa, kwa sababu gharama ni yao wote wawili.

Mpima ardhi hafiki jukwaani kamwe. Nilijaribu kumweka katika rasimu moja, na watu wakaacha kuwatazama majirani wakaanza kusubiri mshindi. Sasa igizo linaishia kwenye karatasi inayoandikwa mbele ya mashahidi wawili, na mwezeshaji haulizi nani alikuwa na haki. Anamwomba mtu aliyemtetea Mama Baraka asimulie kisa chote kama Baba Neema, na aliyemtetea Baba Neema asimulie kama Mama Baraka. Anayeruka jiwe la bikoni, au hodi, anarudishwa na wenzake.

Mstari wa mwisho wa karatasi ndio unaobishaniwa kuliko mingine, na kila kikao kinauandika kivyake: ikiwa vipimo vitaonyesha kwamba msingi umeingia kwa jirani, nani atabomoa, kwa muda gani, na kayaba itapandwa tena au la.