Leja ya akiba isiyofutika

Bonasi ya majani chai hulipwa Oktoba, na ikishawafikia wakulima wa Kebirigo, Nyansiongo na Sanganyi, vyama vya akiba vya Nyamira hupokea fedha nyingi kwa muda mfupi. Siku hizo ndizo hufichua ubovu wa programu ya akiba. Waandishi wengi wa programu huanza na jedwali la wanachama lenye safu ya salio: pesa zikiingia wanaongeza, zikitoka wanapunguza. Kila badiliko hufuta nambari iliyotangulia, kwa hiyo mwanachama akija kulalamika, hakuna njia ya kumwonyesha salio lake lilifikaje hapo.

Leja ya pande mbili haihifadhi salio, huhifadhi miamala. Kila muamala una maingizo mawili au zaidi ambayo jumla yake ni sifuri. Debiti tunaiandika kama chanya na krediti kama hasi, zote kwa senti na kwa nambari kamili zisizo na desimali. Mkulima akituma shilingi 1,500 kwenye Paybill ya chama, akaunti ya M-Pesa ya chama inapata +150000 na akaunti yake ya akiba −150000. Alama hiyo ya hasi huwashangaza wengi, lakini ni sahihi: akiba ya mwanachama ni deni la chama kwake. Skrini ya simu itageuza alama kabla ya kumwonyesha.

Taarifa ya malipo huletwa kwenye seva yetu na Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa. Seva ikichelewa kujibu, taarifa ileile huenda ikaletwa tena. Programu ya safu ya salio ingeongeza 1,500 nyingine kimyakimya. Hapa hifadhidata yenyewe hukataa, kwa kuwa msimbo wa muamala wa M-Pesa (`TransID`), unaowekwa kwenye safu ya `kumbukumbu`, hauruhusiwi kuandikwa mara mbili:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX ON miamala (chanzo, kumbukumbu);
REVOKE UPDATE, DELETE, TRUNCATE
  ON miamala, maingizo FROM programu;
```

Amri ya pili ndiyo inayoifanya leja isifutike. Mtumiaji `programu` asiwe mmiliki wa majedwali hayo, la sivyo anaweza kujirudishia ruhusa. Mkulima akikosea nambari ya akaunti, fedha zake huingia kwenye akaunti ya zisizotambulika. Mwenyewe akipatikana, tunaandika muamala mpya wa kuzihamisha, na ule wa kwanza unabaki ulivyo.

Kutoa pesa ndiko kugumu zaidi. Tuseme mwanachama wa Keroka mwenye 1,500 anaomba 1,000. Kwanza tunafunga mstari wa akaunti yake kwa `SELECT … FOR UPDATE`, ili akibonyeza mara mbili, ombi la pili lisubiri. Kisha tunajumlisha maingizo yake, na salio likitosha tunadebiti akiba 1,000 na kukrediti akaunti ya malipo yanayosubiri. Tukishahifadhi hayo ndipo tunaiomba M-Pesa ilipe. Ombi la pili likipata zamu linakuta 500 tu, nalo linakataliwa.

Jibu la M-Pesa huja baadaye. `ResultCode` ikiwa 0, tunadebiti malipo yanayosubiri na kukrediti akaunti ya M-Pesa. Likija jibu la wazi kwamba malipo yameshindikana, muamala wa kinyume unamrudishia mwanachama 1,000 zake. Jibu lisipokuja kabisa, hapo ndipo vyama hupoteza pesa. Programu nyingi huhesabu kimya kuwa kushindwa, zinarudisha 1,000 kwenye akiba, na mwanachama anaomba tena. Kumbe malipo ya kwanza yalikuwa njiani, na sasa amelipwa mara mbili. Nashikilia kwamba kimya kisirudishe hata senti moja. Fedha zikae kwenye malipo yanayosubiri mpaka tuulize hali ya muamala na kupata jibu, hata ikibidi mwanachama asubiri na kukasirika.

Kila usiku tunatafuta miamala isiyolingana:

```sql
SELECT muamala_id FROM maingizo
GROUP BY muamala_id HAVING SUM(senti) <> 0;
```

Matokeo matupu yanatuliza moyo, lakini hayatoshi. Taarifa ya malipo ikipotea njiani, leja yetu bado italingana, ingawa fedha za mkulima hazimo. Kosa la aina hiyo linaonekana tu tukilinganisha akaunti yetu ya M-Pesa na taarifa ya Paybill yenyewe, msimbo kwa msimbo. Tusilinganishe jumla peke yake: 1,500 iliyopotea ya mkulima mmoja na 1,500 iliyozidi ya mwingine hufutana, na jumla ikaonekana safi. Msimbo uliopo kwa Safaricom na haupo kwetu huandikwa siku hiyohiyo kama muamala mpya, ukiwa na tarehe mbili: ya fedha kupokelewa, na ya sisi kuandika.