Siku Saba Zilizoiua Barua ya Keko

Fundi mmoja wa Keko alimwandikia barua mbunifu, akimwomba akipe kiti chake nafasi kwenye ukurasa wake. Ilikuwa inakwenda vizuri mpaka sentensi moja ya aya ya tatu: "Tunapokea oda ya idadi yoyote na kukabidhi ndani ya siku saba." Hapo ilikufa, na ilistahili kufa.

Salamu za heshima, vipimo kamili, picha zilizopigwa mchana bila mbwembwe: safi.

Turudi kwenye siku saba. Fundi anasema kiti ni cha mninga. Ubao wa mninga wa inchi moja, ukipangwa kivulini na kutenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, hukauka kwa miezi. Kwa samani ya ndani tunataka unyevu wa asilimia 12 hivi, na ubao uliotoka kupasuliwa uko mbali sana na hapo. Mwenye akiba ya mbao kavu za viti sita atatengeneza viti sita. Akipata oda ya viti sitini, siku saba hazimwachii njia ila kwenda kununua mbao mbichi. Mbunifu aliliona hilo bila hata kukigusa kiti.

Matokeo yake tunayajua. Kiti kinaingia kwenye ofisi yenye kiyoyozi, ulimi wa mbao unasinyaa ndani ya tundu lake, gundi inaachia, na mguu wa nyuma unaanza kulia. Kisha anakuja mtu na msumari. Nimeupigia kelele msumari miaka yote na sitaacha: hauponyi kiungo kilicholegea, unaupasua ulimi. Kitanda changu mwenyewe, nilichouziwa kama cha mbao kavu, kiliishia hivyo. Na lawama haimfuati fundi peke yake, inamfuata pia aliyekisifia kiti ukurasani.

Mafundi wakubwa hawakuficha kikomo chao kwa ahadi kama hii. Hans Wegner alipobuni kiti chake cha mviringo mwaka 1949, kikatengenezwa na karakana ya Johannes Hansen, Copenhagen, viungo vya mgongo vilifunikwa kwa henzirani. Baadaye aliiondoa, viungo vikachongwa meno yanayoumana na kuachwa wazi mbele ya mnunuzi. Mwaka 1950 jarida la Marekani la Interiors lilikipa nafasi, na mwaka 1960 Kennedy alikikalia kwenye mdahalo wake na Nixon. Wegner alikionyesha kile ambacho wengine wanakificha. Fundi wetu naye alikuwa na cha kuonyesha, yaani kikomo cha karakana yake, akakifunika kwa ahadi.

Fundi, iandike upya. Sema una mbao kavu za viti vingapi, zimepangwa tangu mwezi gani, unamaliza viti vingapi kwa mwezi, na kwamba oda ikizidi hapo mteja atasubiri. Ongeza picha ya rundo la mbao likiwa na vijiti vyake, kisha mpelekee mbunifu yuleyule.