Kisanduku Kisicho na Nafasi

Majedwali yanayolinganisha manabii wa Wayahudi, Wakristo na Waislamu hupendwa madarasani, maana mwanafunzi huona mengi kwa mara moja. Tatizo ni vile visanduku vyembamba. Tutazame kisa cha Ibrahimu na mwanawe aliyetakiwa kutolewa sadaka. Kwa kawaida jedwali huandika “Isaka” katika safu mbili za kwanza na “Ismaili” katika ya tatu, kana kwamba kila kitabu kimetaja jina.

Mwanzo 22 yamtaja Isaka waziwazi. Kurani, katika Sura ya 37, haimtaji mwana huyo kwa jina. Tabari, mfasiri aliyefariki mwaka 923, alishika kauli ya Isaka. Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, alishika ya Ismaili, kwa hoja kwamba bishara ya Isaka yaja baada ya kisa hicho. Kauli hii ya pili ndiyo iliyoenea. Basi kisanduku kingesomeka: “hakutajwa, wengi wasema Ismaili.”

Tofauti iliyo nzito zaidi, ile ya usimulizi, haimo kabisa. Katika Mwanzo baba hamwelezi mwana, na kijana auliza mwanakondoo yu wapi. Katika Kurani baba amsimulia ndoto yake na kumtaka rai, naye mwana aridhia. Ingefaa kuongeza mstari: “Je, mwana aliambiwa?” Hapo napo pana tahadhari, kwani masimulizi ya Kiyahudi ya baadaye, nje ya Mwanzo, yanaye Isaka aliyeridhia pia.