Haraka Isiyofoka

Kontena la mteja wa Lubumbashi liko bandarini Dar es Salaam, siku za kuhifadhiwa bure zinaisha Ijumaa, na ankara ya mauzo haijafika. Wakala wa forodha, roho juu, anaandika URGENT kwa herufi kubwa, kisha: «Merci de m'envoyer la facture immédiatement.» Shukrani imo, lakini ukali haujaondoka. «Merci de» ikifuatwa na kitenzi humshukuru mtu kwa jambo ambalo bado hajalikubali, na Mfaransa au Mkongo aliyezoea barua za ofisini huisoma kama agizo. Bosi akimwandikia msaidizi wake, huenda ikapita. Kwa mteja inakwaruza.

Mwandishi stadi, na ustadi huu nauhusudu, huiondoa haraka kwenye kitenzi na kuikabidhi tarehe na sababu:

«Bonjour Madame, le délai gratuit au port expire vendredi. Pourriez-vous m'envoyer la facture commerciale d'ici jeudi midi, heure de Lubumbashi ? Passé ce délai, des frais de magasinage s'ajouteront.»

Sababu imetangulia, kwa hiyo ombi linapofika mama yule ameshaelewa kwa nini anaombwa. «Pourriez-vous» inamwachia nafasi ya kukubali mwenyewe. Saa imetajwa pamoja na mji wake, maana saa sita mchana Lubumbashi ni saa saba Dar es Salaam, na saa moja hiyo inaweza kuzaa ugomvi usio na mwenyewe.

Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoistahi zaidi. Ingeanza na «faute de quoi», yaani usipofanya hivyo, ingenuka barua ya wakili. «Passé ce délai» inasema tu kwamba muda ukishapita, gharama zitaongezeka. Kinachotoza ni muda, wala hakuna anayemnyooshea mteja kidole.

Wapo wanaoogopa ukali hadi wakakimbilia «dans les meilleurs délais». Ni maneno ya adabu kweli, ila hayana siku. Anayeyasoma anaweza kujibu wiki ijayo kwa dhamiri safi kabisa, huku kontena likihesabiwa gharama.

Jumatano jioni, kimya kikizidi, kuna kifungu cha kukumbushia: «Sauf erreur de ma part, je n'ai pas encore reçu la facture.» Anayekumbusha anakubali kwamba huenda kosa ni lake, pengine ankara imejificha mahali asikotazama. Aliyechelewa anapata pa kupitia bila kuaibika. Tarehe inarudiwa vilevile, bila kuongezwa alama ya mshangao.

Alhamisi asubuhi bado hakuna jibu? Hapo baruapepe imefika mwisho wa uwezo wake. Wakala anampigia mteja simu, wanaelewana, halafu anaandika mstari mmoja unaoanza na «Comme convenu par téléphone», ili makubaliano yabaki kwenye maandishi.