Kusoma tangazo la kazi ya ualimu hadi mwaka wa kumi

Tangazo la ajira ya mwalimu wa sekondari mwenye shahada nchini Kenya huwa na kipande kifupi ambacho wengi hukipita mbio: gredi C2, kisha tarakimu mbili za mshahara wa msingi zilizounganishwa na kistari. Katika jedwali la makubaliano ya pamoja ya TSC na vyama vya walimu ya mwaka 2017 hadi 2021, tarakimu hizo zilipofika awamu ya mwisho Julai 2020 zilikuwa 34,955 na 43,694. Jedwali hilo limekwisha kupandishwa tangu hapo, na tangazo la leo litakuwa na fedha zaidi. Nalitumia kwa sababu viungo vyake vinaonekana vizuri, na anayejua kulisoma atalisoma na jipya.

Kosa la kwanza la msomaji ni kudhani kistari kile kinamaanisha kwamba mshahara utajadiliwa mahali fulani kati ya pande mbili, kama inavyokuwa katika kampuni binafsi. Haujadiliwi. Mwajiriwa mpya huanzia 34,955, awe na alama za juu au za kupitia. Tarakimu ya pili ni dari: mahali ambapo nyongeza ya kila mwaka itamfikisha, kisha isimame. Kwa hiyo swali la kuliuliza tangazo si “nitalipwa kati ya ngapi na ngapi”. Kuna maswali mawili: dari nitaifikia lini, na baada yake kuna mlango gani?

Tuipige hesabu. Pengo la C2 ni shilingi 8,739. Kwa kurahisisha nitaligawa kwa hatua tano zinazolingana, yaani shilingi 1,748 hivi kila mwaka. Katika utekelezaji idadi na ukubwa wa hatua vinaweza kutofautiana, na mwenye jedwali lenye hatua zote aweke zake. Mwalimu wetu amemaliza miaka mitatu akiwa na kama 40,200. Hapo ndipo mwongozo wa kupanda vyeo unapomruhusu kuingia C3, inayoanzia 43,154 na kuishia 53,943. Akipandishwa kwa wakati, mshahara wa msingi unaongezeka kwa karibu shilingi 2,950 mara moja. Hiyo ndiyo picha ambayo kila mtu huibeba kichwani anapofikiria kupanda gredi.

Sasa mcheleweshe miaka miwili, jambo la kawaida kabisa pale barua za vyeo zinaposubiri bajeti. Mwaka wa tano yuko kwenye dari ya C2, 43,694. Tazama vizuri: mwanzo wa C3 ni 43,154. Dari ya gredi ya chini imepita sakafu ya gredi ya juu kwa shilingi 540. Kanuni ya kawaida ya utumishi wa umma ni kwamba anayepandishwa hapunguziwi; huwekwa kwenye hatua inayofuata juu ya mshahara alio nao. Kwa kipimo chetu cha hatua tano, ambapo hatua moja ya C3 ni kama 2,158, ataangukia 45,312. Amepanda cheo, amebadilishiwa jina la kazi, na nyongeza aliyopata ni 1,618, ambayo ni ndogo kuliko nyongeza ya mwaka aliyokuwa akipata bila cheo chochote.

Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mwezi mmoja, ndiyo. Lakini katika ile miaka miwili ya kungoja, mwenzake aliyepandishwa kwa wakati alikuwa akimzidi kwa karibu 2,950 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na karibu 3,370 mwaka wa pili. Jumla inapita shilingi 75,000, na hata baada ya kupandishwa anabaki hatua moja nyuma mpaka wote wawili wagonge dari ya C3. Nionavyo mimi, kuchelewa huku ndiko kunakoumiza zaidi katika safari nzima, na hakuna tangazo litakalokuandikia.

Dari ya C3 ndiyo ya kuitazama kwa jicho kali. Aliyepandishwa kwa wakati anaifikia mwaka wa nane hivi: 53,943. Hadi hapo alikuwa anakwenda kwa muda na tathmini ya kazi, bila kushindania nafasi na mtu. Kutoka C3 kwenda C4 mambo hubadilika: panahitajika nafasi iliyo wazi, maombi na usaili. Walimu ni wengi, nafasi ni chache. C4 nayo inaanzia 52,308, chini ya pale alipo. Kwa maneno mengine, tangazo la C2 ukilisoma mpaka mwisho wake linakuahidi kupanda kwa takriban miaka minane, kisha mstari ulionyooka kama sakafu. Kinachoweza kuuinua mstari huo bila usaili ni makubaliano mapya ya pamoja, ambayo huhamisha jedwali zima kwenda juu pamoja na wote waliomo.

Ndiyo maana mtu anayelinganisha matangazo mawili asilinganishe tarakimu za kwanza peke yake. Kazi inayoanza chini kidogo lakini ikapitia gredi tatu bila ushindani inaweza kumfikisha mbali kuliko ile inayoanza juu na kufungwa katika gredi moja. Habari hiyo huipati kwenye tangazo. Iko katika mwongozo wa muundo wa utumishi wa kada husika, na ni haki ya mwombaji kuusoma kabla ya kuomba. Tanzania mambo ni magumu zaidi kwa msomaji, kwani tangazo la Sekretarieti ya Ajira mara nyingi hutaja ngazi tu, tuseme TGS D, bila fedha. Bila waraka wa mishahara mkononi, mwombaji hajui hata anapoanzia.

Turudi kwa mwalimu wetu, maana kuna jambo moja la makato linalopotosha hesabu. Mfuko wa pensheni wa kuchangia kwa watumishi wa umma ulianza Januari 2021, na mchango wa mtumishi uliwekwa kupanda kwa awamu: asilimia 2 ya mshahara wa msingi mwaka wa kwanza, 5 mwaka wa pili, kisha 7.5. Aliyeanza kazi mwaka huo alichanga kama shilingi 699 kwa mwezi. Mwaka uliofuata alipata nyongeza ya 1,748, lakini mchango ukaruka hadi 1,835. Kilichobaki katika nyongeza yake, kabla ya kodi, ni 612. Anayeajiriwa sasa hakutani na ngazi hizo, hukatwa 7.5 tangu mwanzo, na nyongeza zake humegwa kidogo tu. Juu ya hapo ipo ada ya nyumba ya asilimia 1.5 na bima ya afya ya asilimia 2.75, zote zikipigwa kwenye mshahara ghafi, yaani pamoja na marupurupu ya nyumba, ambayo nayo hutegemea gredi na mahali shule ilipo.

Kisha lipo tangazo ambalo halina gredi kabisa. Nafasi za walimu wanagenzi wa sekondari ya msingi zimetangazwa kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa mkataba. Hapo hakuna kistari, hakuna hatua, hakuna tarehe ya nyongeza. Mwaka wa pili wa unagenzi hulipwa sawa na wa kwanza, na safari ya C2 niliyoipigia hesabu hapa huanza kuhesabiwa siku barua ya ajira ya kudumu inapotiwa saini.